Maduka yote yana asilimia 99: jinsi mnunuzi wa Mtwara na Lindi anavyoweza kuyapambanua

Ingia kwenye soko lolote kubwa la mtandaoni uandike kabureta ya mashine ya kupulizia salfa. Yatakuja maduka kumi, na karibu yote yatakuwa na asilimia 98, 99 au 100 ya wateja walioridhika. Mkulima wa Nanyamba au fundi wa Masasi anayetaka kuagiza spea kabla mikorosho haijaanza kutoa maua anabaki anatazama namba zinazofanana, kisha anachagua bei ya chini. Namba hizo kwa sehemu kubwa si za kughushi. Shida ni kwamba zimebanwa zote kwenye ncha ya juu ya kipimo, na anayezisoma kama tunavyosoma maksi za shule, ambako 98 na 99 ni ndugu, anapotea. Mwongozo huu unaeleza kwanza zinavyopanda hivyo, kisha namna ya kuzisoma hatua kwa hatua kwa mfano wa hiyo kabureta.

Kwa nini namba zinapanda

Sababu kubwa ni ukimya. Watafiti Paul Resnick na Richard Zeckhauser walichambua mauzo ya mwaka 1999 ya eBay, soko la mtandaoni la Marekani, wakakuta kwamba katika maoni ambayo wanunuzi waliwaandikia wauzaji, 99.1 katika kila 100 yalikuwa mazuri, 0.6 mabaya na yaliyobaki ya katikati. Lakini ni kama nusu tu ya wanunuzi walioandika chochote. Nusu nyingine ilipokea mzigo ikanyamaza. Baadaye wachumi Chris Nosko na Steven Tadelis, nao wakitumia takwimu za eBay, walionyesha kwamba ukimya huo una maana yake: muuzaji ambaye wateja wake wengi hawasemi kitu ndiye ambaye wateja wake hupata matatizo zaidi. Mtu aliyeumizwa kidogo haandiki. Anaona ugomvi wa nyota hauna faida, anaacha, na pengine hanunui tena kwenye soko hilo. Asilimia inayoonekana dukani haimhesabu.

Sababu ya pili ni woga na deni la heshima. Kwa miaka mingi eBay iliruhusu pande zote mbili zipeane alama, kwa hiyo mnunuzi aliyetoa alama mbaya aliweza kulipiziwa yake. Mwaka 2008 eBay ikawaondolea wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya. Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba na vyumba kwa wageni, nayo mwaka 2014 ilianza kuficha maoni ya mgeni na ya mwenyeji mpaka wote wawili wawe wameandika, au siku 14 zipite, ili asiwepo anayeandika huku akimtazama mwenzake usoni. Woga wa kulipiziwa ulipungua, deni la heshima likabaki. Muuzaji anatia kikaratasi cha shukrani kwenye mfuko, au akiona nyota mbili anakutumia ujumbe wa upole: nitakurudishia nusu ya pesa, tafadhali badilisha maoni yako. Mnunuzi anapata nafuu yake, na onyo ambalo lingemsaidia mnunuzi anayefuata linafutika.

Ya tatu ni mchujo. Soko likiona duka limeshuka chini ya kiwango fulani hulificha kwenye matokeo ya utafutaji au hulifunga, na wakati mwingine mwenye duka hilo anafungua jingine jipya lisilo na doa. Unayoyaona ni yale yaliyopita kwenye chujio. Ndiyo maana Nosko na Tadelis walikuta muuzaji wa katikati kabisa, yule anayesimama katikati ya mstari ukiwapanga wote kwa asilimia zao, ana asilimia 100 kamili, na aliye na 97.8 yupo kwenye sehemu ya kumi ya chini. Asilimia 97.8 ingekuwa furaha kubwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Kwenye soko lile ilikuwa karibu na mkia.

Hatua ya kwanza: geuza namba, hesabu walioumia

Usisome walioridhika. Toa asilimia kwenye 100 upate walioandika kwamba hawakuridhika. Duka la asilimia 99.5 lina walalamikaji 0.5 katika kila 100, na duka la 97.8 lina 2.2. Ukizitazama zile za kwanza unaona tofauti ndogo isiyo na maana. Ukizitazama hizi za pili unaona kwamba duka moja linaudhi watu zaidi ya mara nne kuliko jingine.

Angalia pia ni nini kimeachwa nje ya hesabu. Kwenye eBay asilimia hupatikana kwa kugawa maoni mazuri kwa jumla ya mazuri na mabaya peke yake, ya miezi 12 iliyopita. Maoni ya katikati hayaingii. Mtu anayempa muuzaji alama ya katikati kwa kawaida si mtu mwenye furaha, kwa hiyo unapohesabu mwenyewe, nyota tatu ziweke upande wa malalamiko. Mimi hufanya hivyo kila mara, na sijaona sababu ya kuacha.

Hatua ya pili: uliza asilimia hiyo imetoka kwa watu wangapi

Duka jipya lenye maoni 42, yote mazuri, linaandikwa asilimia 100 na kukaa juu ya duka lenye maoni 5,200 na asilimia 98.1. Ni bora kweli? Wanatakwimu wana kanuni nyepesi kwa hali hii. Kama hakuna baya hata moja, gawa 3 kwa idadi ya maoni. Jibu ni kiwango cha juu cha ubaya ambacho duka hilo linaweza kuwa nacho bila maoni hayo kukionyesha, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Kwa maoni 42 ni 3 kugawa kwa 42, yaani kama 7 katika kila 100. Kwa maoni 300 bila doa ni 1 katika 100. Kwa maoni 10 ni 30 katika 100, ambayo maana yake hujui kitu.

Kanuni hii haisemi kwamba duka la maoni 42 ni baya. Inasema tu kwamba bado halijathibitisha uzuri wake. Nayo inachukulia kwamba walioandika wanafanana na walionyamaza, jambo ambalo tumeshaona si kweli. Hivyo jibu unalolipata lihesabu kuwa la upole kwa muuzaji.

Hatua ya tatu: toka kwenye duka, ingia kwenye bidhaa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo pa kutumia muda wako. Asilimia iliyo juu ya ukurasa ni ya duka zima. Duka linalouza plagi, gasketi, kamba za kuwashia na boliti litakusanya maelfu ya nyota tano kwa vitu ambavyo ni vigumu kuharibika. Kabureta mbovu imejificha katikati ya boliti nzuri.

Tuchukue mfano, namba zake nimeziweka mwenyewe ili hesabu ionekane. Fundi wa Masasi anataka kabureta ya mashine ya mgongoni ya injini ndogo ya viharusi viwili, zile ambazo kwenye injini yake pamegongwa namba kama 1E40F, ikimaanisha silinda moja yenye kipenyo cha milimita 40. Amepata maduka matatu, bei zikiwa pamoja na usafirishaji.

Duka la kwanza: asilimia 100, maoni 42, bei shilingi 21,000.
Duka la pili: asilimia 98.1, maoni 5,200, bei shilingi 26,000.
Duka la tatu: asilimia 99.3, maoni 1,450, bei shilingi 23,000.

Kwa macho, la tatu ndilo la kuchukua: lina maoni mengi ya kutosha, asilimia ya juu na bei ya kati. Hata baada ya kugeuza namba bado linashinda, maana lina walalamikaji 0.7 katika 100, na la pili lina 1.9.

Sasa anafungua ukurasa wa kabureta yenyewe katika kila duka, anachuja nyota moja, mbili na tatu, na kuhesabu. Katika duka la tatu kabureta hiyo ina maoni 80. Manane yana nyota tatu kushuka chini: 8 kati ya 80, yaani 10 katika kila 100. Duka zima lilikuwa na maoni mabaya kama 10 tu, na sita kati ya hayo ni ya kabureta hii moja; mawili yaliyobaki ya yale manane ni ya nyota tatu, ambayo soko huyahesabu kuwa ya katikati. Anayasoma: inavuja petroli kwenye bakuli, inavuja, matundu hayaingii, inavuja. Katika duka la pili kabureta ina maoni 310, na tisa yana nyota tatu kushuka, karibu 3 katika 100. Katika duka la kwanza kabureta ina maoni 18, yote mazuri. Kwa ile kanuni ya kugawa 3, 3 kugawa kwa 18 ni karibu 17 katika 100. Hakuna linalojulikana hapo.

Mpangilio umepinduka. Duka lililokuwa na asilimia ya chini kuliko yote ndilo ambalo bidhaa yake imejaribiwa na wengi na kulalamikiwa na wachache.

Kama soko linaonyesha idadi ya bidhaa zilizouzwa, ilinganishe na idadi ya maoni. Duka lililouza 400 na kupata maoni 310 lina wateja wanaosema. Lililouza 900 na kupata 80 lina ukimya mkubwa. Linganisha maduka ya soko moja na bidhaa ya aina moja tu, kwa sababu kila soko lina namna yake ya kuhesabu mauzo na kuwakumbusha wateja waandike.

Hatua ya nne: gawa malalamiko kwa sababu zake

Tisa wa duka la pili wanalalamikia nini? Fundi wetu anakuta watano wanasema mzigo ulichelewa, wawili walitumiwa aina isiyo yao, wawili kabureta ilikuwa na kasoro. Hiyo picha ni tofauti kabisa na ya duka la tatu, ambako karibu wote wanataja kuvuja.

Kwa mtu wa kusini mgawanyo huu unategemea kalenda. Salfa ya kuzuia ubwiri unga inapulizwa wakati mikorosho inatoa maua, na kwa mashamba mengi ya Mtwara na Lindi kazi hiyo huanza karibu na Juni. Anayeagiza Januari anaweza kulivumilia duka linalochelewesha, na kwake malalamiko yenye uzito ni manne tu kati ya 310, yaani kama 1.3 katika 100. Anayeagiza mwishoni mwa Mei, mzigo ukiwa bado utoke ng'ambo, upite Dar es Salaam, kisha usafiri kilomita zaidi ya 500 kuja Masasi, hawezi. Kwake walalamikaji wa ucheleweshaji ndio wa kusikilizwa kuliko wote, na pengine jibu sahihi ni kununua iliyopo mjini Masasi hata kwa bei ya juu.

Soma pia tarehe. Malalamiko manne ya miaka miwili iliyopita na matatu ya mwezi huu si sawa. Kama mabaya yamejikusanya karibuni, huenda duka limebadilisha kiwanda bila kubadilisha picha.

Halafu kuna maoni mazuri yaliyoandikwa mapema mno. Kabureta haionyeshi ubovu siku ya kufungua mfuko. Maoni ya "imefika salama, inaonekana nzuri" yanathibitisha usafirishaji, si bidhaa. Masoko mengine, AliExpress likiwa mojawapo, humruhusu mnunuzi kuongeza neno baada ya muda. Tafuta hayo ya nyongeza. Maoni kumi ya watu waliokwisha kuifunga na kuiendesha yana uzito kuliko mia ya waliopiga picha boksi. Ukikuta maoni mengi yenye maneno yale yale, yameandikwa ndani ya siku chache, na hayataji mashine wala matumizi, yaondoe kwenye hesabu yako kabisa, kisha rudia mgawanyo kwa yaliyobaki.

Hatua ya tano: tia ubovu kwenye bei

Duka la tatu ni nafuu kwa shilingi 3,000. Wachukulie wanunuzi 100. Katika duka la tatu watalipa jumla 2,300,000 na 90 watapata kabureta wasiyoilalamikia: ukigawa, kila iliyo nzima imegharimu kama 25,600. Katika duka la pili watalipa 2,600,000 na 97 wataridhika: kila moja kama 26,800. Unafuu wa 3,000 umeshuka hadi 1,200, na bado hujahesabu wiki za kusubiri nyingine wala walionyamaza. Kwa spea ya msimu, 1,200 hiyo ningeilipa bila kusita. Kwa kitu kisicho na haraka na rahisi kubadilisha, kama kamba ya kuwashia, ningechukua cha bei ya chini.

Hatua ya sita: mjaribu muuzaji kabla ya kulipa

Mwandikie swali ambalo aliyeshika bidhaa mkononi tu ndiye anayeweza kulijibu. Kwa kabureta, uliza umbali wa milimita kati ya katikati ya tundu moja la boliti na jingine, na uombe picha yenye rula. Kisha pima ya kwako ya zamani. Anayejibu kwa namba na picha anajua anachouza, na jibu lake linabaki kwenye ujumbe wa soko kama ushahidi ukihitaji kurudishiwa pesa. Anayejibu "inaingia mashine zote, ndugu yangu" usimlipe. Anayekutaka ulipe nje ya mfumo wa soko ili akupunguzie bei anakuondolea kinga yote ya kudai, hata kama ana asilimia 100.

Duka la kwanza, lile ambalo kabureta yake ina maoni 18, linaweza kufufuka katika hatua hii. Likijibu vizuri, na kama hitaji lako si la haraka, agiza moja tu ulijaribu. Usiagize tano za wateja wako.

Pale ambapo hakuna asilimia

Wengi wetu tunanunua Kariakoo kupitia Instagramu na WhatsApp, mzigo unakuja kwa basi. Huko sifa ni picha za mazungumzo: "asante dada, nimepokea". Picha hizo huchaguliwa na muuzaji mwenyewe, naye ndiye anayefuta maoni chini ya matangazo yake. Zikiwa 200 bado hazikuambii kitu, kwa sababu hujui zimetoka katika mauzo mangapi. Hatua ya kwanza hadi ya tatu hazifanyi kazi. Ya sita inafanya kazi sana. Omba video fupi ya bidhaa ikiwa na jina lako na tarehe kwenye karatasi pembeni. Ulizia mafundi wa Mtwara mjini au Lindi waliowahi kuagiza kwake, wakiwemo waliorudisha. Na kama una ndugu Dar, mwombe akaione dukani kabla hujatuma pesa. Nauli ya daladala ni ndogo kuliko hasara.

Unapoandika maoni yako

Subiri. Weka ukumbusho kwenye simu wa wiki tatu, au baada ya kupuliza matangi kadhaa, mradi usipitishe muda ambao soko limeweka wa kuandika na wa kudai pesa. Huo uangalie siku ile ile unayopokea mzigo. Ukigundua kasoro mapema, fungua madai kwanza. Kisha andika vitu vinne: namba ya injini yako, umeitumia kwa muda gani, mzigo ulichukua siku ngapi kufika kusini, na kilichoharibika kama kipo. Kama haikuharibika, sema pia, maana bila wewe hesabu ya bidhaa itabaki na waliokasirika na waliofungua boksi tu. Muuzaji akikurudishia pesa, ongeza kwamba amerudisha, na uache maelezo ya kasoro yabaki yalivyo.